Gigabaiti 32 nilizozitafuta pasipo pake

Niliizima hifadhidata ya mishahara jioni ya mwisho wa mwezi, na msimamizi wake aliponiuliza, "Kaka, umeigusa ile mashine?" nikajibu sijaigusa. Nilijiridhisha kwamba sikusema uongo: sikuiwasha upya wala sikubadilisha faili lolote ndani yake. Nilichofanya ni kuipunguzia kumbukumbu kutoka nje, ikiwa inafanya kazi, kwa amri moja.

Seva mwenyeji ilikuwa na soketi mbili, kila moja ikiwa na gigabaiti 256 za RAM zilizochomekwa upande wake; jumla 512. Linux huziita pande hizo nodi za NUMA, nodi 0 na nodi 1. Kiini cha prosesa husoma RAM ya nodi yake moja kwa moja, lakini ya nodi ya pili huifuata kwa njia inayounganisha soketi, na njia hiyo ni ndefu zaidi. Juu yake tuliendesha mashine pepe za KVM. Kubwa kabisa ilikuwa db1, yenye PostgreSQL na gigabaiti 240. Ya pili ilikuwa na 128, kisha kulikuwa na ndogo kadhaa.

Zile kubwa mbili tulizipa kurasa kubwa. Ukurasa wa kawaida ni kilobaiti 4, kwa hiyo gigabaiti 240 ni kurasa kama milioni 63, na kila anwani ambayo prosesa haiikumbuki lazima itafutwe kwenye majedwali. Ndani ya mashine pepe utafutaji huo hufanyika mara mbili, kwenye majedwali ya mgeni na ya mwenyeji, na unaweza kufika hatua 24 za kusoma kumbukumbu. Kwa kurasa za megabaiti 2 pande zote mbili, hatua hushuka hadi 15. Muhimu zaidi, kurasa hubaki 122,880 tu, na prosesa hukumbuka sehemu kubwa zaidi ya kumbukumbu bila kutafuta. Hapo sikukosea.

Nilianza kukosea kwenye kutenga akiba. Niliandika idadi ya jumla, 204800, yaani gigabaiti 400, nikaiachia kerneli igawe. Kerneli hugawa sawa kwa sawa: 200 nodi 0, 200 nodi 1. Viini vyote vya db1 nilikuwa nimevifunga nodi 0, na kumbukumbu yake pia nimeiwekea sharti la `strict` litakaloibana huko huko. Mashine ikakataa kuwaka, na ilikuwa sahihi kukataa, maana 240 haziingii kwenye 200. Badala ya kusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho, nikabadilisha `strict` kuwa `preferred`. Ikawaka. Gigabaiti 40 zikaangukia nodi 1, na mgeni hakuambiwa: kwake kumbukumbu yote ilionekana ya nodi moja. Tangu siku hiyo swali lile lile la SQL lilijibiwa haraka leo na kwa kujikokota kesho, nasi tukawalaumu watu wa diski.

Ndipo likaja ombi la mashine mpya ya gigabaiti 32. Nje ya akiba hazikuwapo. Nikakumbuka puto. Hili ni dereva ndani ya mgeni: ukiliamuru livimbe, huomba kumbukumbu kwa kerneli ya mgeni, huishikilia, kisha humwambia mwenyeji kwamba anaweza kuichukua. Nikaandika:

```
virsh setmem db1 208G --live
```

Amri ilirudi bila neno. `virsh dommemstat` ikaonyesha `actual 218103808`, ambazo ni gigabaiti 208 kamili. Nikaandika kwenye tiketi kwamba nafasi imepatikana, bila kufungua `/proc/meminfo` ya mwenyeji. Ningeifungua, ningeona `MemAvailable` iko pale pale.

Puto hutoa vipande vya kilobaiti 4. Mwenyeji, kwa kuwa ameipa db1 kurasa za megabaiti 2, hawezi kuuachia ukurasa mmoja mpaka vipande vyake vyote 512 viwe ndani ya puto. Ni kama kumrudishia mwenye duka gunia la unga kikombe kwa kikombe. Hadi kikombe cha mwisho, gunia bado ni lako. Na hata ukurasa unaokamilika haurudi kwenye kumbukumbu ya kawaida. Unarudi kwenye akiba ya kurasa kubwa, ambayo mashine yangu mpya, iliyopangwa kutumia kurasa za kawaida, isingeweza kuigusa. Mgeni alipoteza 32, mwenyeji hakupata kitu.

Upande wa mgeni hasara ilikuwa kubwa kuliko tarakimu inavyosema. PostgreSQL ilikuwa na `shared_buffers` ya gigabaiti 160 kwenye kurasa kubwa zilizotengwa ndani ya mgeni, na puto haliwezi kuchukua kutoka humo. Kwa hiyo 32 zote zilitoka kwenye 80 zilizobaki, zile za miunganisho, upangaji wa data na faili zinazosomwa mara kwa mara. Zikabaki 48. Siku za kawaida zilitosha. Mwisho wa mwezi, ripoti za mishahara zilipoanza kwa pamoja, kerneli ya mgeni ikaishiwa na ikaua mchakato mmoja wa PostgreSQL. Nayo, kwa usalama wa kumbukumbu ya pamoja, ikakata miunganisho yote na kuanza kujirekebisha. Puto lingeweza kusinyaa lenyewe katika dharura hiyo kama lingekuwa na `autodeflate='on'`. Halikuwa nayo. Sikujua kama kuna kitu hicho.

Kinachonichoma zaidi nilikiona usiku, nilipoamua kuangalia mwenyeji. `HugePages_Free` ilizidi 16384 kidogo. Hesabu ni ya mtoto wa shule: akiba 400, db1 imechukua 240, ya pili 128. Zilikuwa zimebaki 32 tangu mwanzo, kurasa 16384 zisizo na mtu, zote nodi 1. Zilihitaji amri moja tu kurudi kwenye matumizi ya kawaida, bila kumgusa mgeni yeyote. Kisha `numastat -p` ya mchakato wa db1 ikanionyesha mstari wa `Huge`: karibu megabaiti 204800 nodi 0 na karibu 40960 nodi 1. Watu wa diski hawakuwa na hatia.

Niliirudisha db1 hadi 240G usiku ule, na asubuhi nikamweleza msimamizi wa hifadhidata yote, pamoja na lile jibu langu. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo ile slow ya miezi yote ilikuwa wewe?" Nikamwambia ndiyo.

Tulifikiria kuigawa db1 ionyeshwe nodi mbili za 120, kila moja na viini vyake. Ingekuwa sahihi kama isingeweza kupungua. Lakini `shared_buffers` ni bwawa moja linaloguswa na michakato yote, kwa hiyo masomo mengi yangeendelea kuvuka soketi. Tofauti ni kwamba mgeni angejua. Msimamizi alipopima akakuta db1 haitumii zaidi ya 190. Tukaizima, tukaishusha hadi 192, `shared_buffers` ikawa 112, `strict` ikarudi, na akiba nikaiandika kwa nodi:

```
cd /sys/devices/system/node
f=hugepages/hugepages-2048kB/nr_hugepages
echo 98304 > node0/$f
echo 65536 > node1/$f
```

Hiyo ni 192 kwa db1 na 128 kwa ile ya pili, nayo tumeifunga nodi 1. Gigabaiti 80 zilitoka kwenye akiba, 72 kati yake nodi 1, na ndiko mashine mpya inakoishi. Kwenye hizo mbili kubwa puto limebaki kwa ajili ya kusoma takwimu tu. Kwenye ndogo, zenye kurasa za kawaida, bado nalitumia, nikiwa nimefungua `/proc/meminfo` ya mwenyeji kwenye dirisha la pembeni.