Nukta mbili juu ya mchoro

Siku ile asistanti alipobandika mchoro wa sanduku wa alama zetu za kozi ya toni, watu walitazama nukta mbili tu: moja chini kabisa, nyingine juu. Kuhusu ile ya juu, minong'ono ilianza palepale: "Huyo alinakili." Mimi nilichukua kalamu.

Tulikuwa kumi na mmoja, alama juu ya 20: 3, 9, 10, 10, 11, 11, 12, 12, 13, 14, 17. Ya katikati, yaani medyani, ni ya sita: 11. Huo ndio mstari ndani ya sanduku. Nikaiweka kando, nikatafuta katikati ya zile tano za chini, nikapata 10. Katikati ya zile tano za juu, 13. Hizo ni kingo za sanduku, na upana wake ni 3. Kanuni ya John Tukey inasema: zidisha upana kwa 1.5, hapa 4.5, kisha utoe kwenye ukingo wa chini na uongeze kwenye ule wa juu. Uzio ukawa 5.5 na 17.5. Alama 3 iko nje. Lakini 17 iko ndani! Sharubu ya juu ingefika mpaka kwake, bila nukta yoyote.

Basi nukta ilitoka wapi? Asistanti alitumia R:

```
boxplot.stats(c(3,9,10,10,11,11,12,12,13,14,17))$out
```

Jibu ni 3 na 17. R haiweki medyani kando. Inaihesabu katika nusu zote mbili. Nusu ya juu inakuwa na alama sita, katikati yake ni kati ya 12 na 13, yaani 12.5. Upana unashuka hadi 2.5, uzio wa juu unashuka hadi 16.25, na sharubu inaishia 14. Njia zote mbili zinafundishwa, na hakuna iliyo ya uongo. Kwa alama mia tano tofauti hiyo karibu haionekani; kwa kumi na moja, inamtia mtu mashakani.

Alama 3, njia zote zinaikamata, na sababu yake tuliijua: mwenzetu alishikwa na homa, akatoka baada ya nusu saa. Ile 17 ni ya dada aliyekulia kijijini akisema Kiluba, lugha ambamo toni hutenganisha maneno. Sisi wengine, watoto wa mjini, tumelelewa na Kiswahili, ambacho hakina toni za namna hiyo. Mtihani ulikuwa wa kusikiliza na kuandika toni. Mimi ningeshangaa kama angepata 11.

Nilimpelekea asistanti hesabu zote mbili. Alizisoma akiwa amesimama, akaniomba kalamu, na chini ya mchoro akaandika njia aliyotumia.