Kundi la Watu Sita, Kazi ya Wanne

Wadau, rumeti wangu anasoma chuo kimoja hapa Moro. Mi niliishia fomu foo, ila asaimenti yao niliifuatilia kama tamthilia. Watu sita, wiki mbili, wahoji wakulima wa mboga kule Mgeta, milimani Uluguru, kisha waandike ripoti.

Siku ya kwanza walichora jedwali: nani analeta nini, lini, nani anakagua. Sio "utashughulikia utangulizi", ni "kurasa mbili, Jumatano saa 2 usiku". Mwisho wao wakauweka siku tatu kabla ya ule wa mwalimu, maana kuunganisha vipande vya watu sita nako ni kazi.

Balaa likaja mwishoni. Wakafungua Version history ya Google Docs kuona nani kaandika nini. Dada mmoja hayumo kabisa! Kumbe ndiye aliyepanda Mgeta mara mbili akahoji wakulima tisa, ila hana kompyuta, akampa mwenzake daftari achape. Huku jamaa aliyebandika tu kurasa alizotumiwa WhatsApp anaonekana staa.

Wakaongeza safu ya safari na mahojiano, na picha za daftari zenye tarehe, kila mtu asaini. Jamaa akagoma. Ripoti ikaenda hivyohivyo, pa sahihi yake patupu. Nyie mngemfanyaje?