Barua pepe 112 zilimngoja mama mzazi ofisini

Sheria ya kazi Tanzania inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Rundo la barua pepe likimkuta mezani, saa hizo mbili ndizo huliwa kwanza.

Mfano ni mhasibu wa shule moja ya binafsi jijini Dar es Salaam. Alikuta majadiliano ya barua 112 kuhusu basi la wanafunzi, na kikao kilikuwa mchana uleule.

Kwenye Gmail aliona mafungu mawili yenye kichwa kimoja. Fungu likizidi barua 100, Gmail huanzisha jingine. Alifungua lile jipya na kusoma kutoka barua ya mwisho kurudi nyuma. Katika barua ya nne mkuu wa shule alikuwa ameandika: "Sawa, tufanye hivyo." Neno "sawa" halimwambii mtu kitu mpaka ajue linajibu nini, kwa hiyo alitafuta barua iliyojibiwa. Ilipendekeza basi likodishwe, lisinunuliwe. Angeanza na barua ya kwanza, angekutana na agizo la kuandaa malipo ya awali ya kununua, naye angeanza kuandika hati ya malipo ya jambo lililokwisha kufutwa.

Baada ya uamuzi akatafuta kazi zake. Alibonyeza Expand all katika kila fungu ili barua zote zifunguke, kwani zilizokunjwa hazitafutiki. Kisha akabonyeza Ctrl + F na kuandika jina lake. Yalitokea maagizo mawili. Akaandika "mhasibu", likatokea la tatu: alinganishe bei za wakodishaji watatu kabla ya Ijumaa. Wenzake wengi humwita kwa cheo au kwa jina la mtoto, hivyo jina la kwenye kitambulisho peke yake halitoshi.

Alichopata alikipanga kwenye karatasi yenye safu tatu: kilichoamuliwa, nani afanye, na lini. Kila agizo alililinganisha na uamuzi wa mwisho. Yale mawili ya kwanza yalihusu ununuzi, akayakata. Kazi moja ndiyo iliyobaki.

Lakini si kila uamuzi huandikwa. Mengine humalizwa kwa simu au mlangoni. Kwa hiyo, kabla ya kikao alimwandikia mkuu wa shule: "Nimeelewa kwamba tunakodi, na mimi nalinganisha bei tatu kabla ya Ijumaa. Kama kuna lililobadilika nje ya barua hizi, naomba unijulishe."

Jibu lilikuja baada ya dakika chache: mkodishaji mmoja alikuwa amejitoa kwa simu, na bei zilihitajika Jumatano.