Mtafiti Mgeni na Mwaliko wa Parokia ya Jirani

Katika jumuiya yetu ya walezi, tunapoagana na mwenzetu anayekwenda Marekani kwa utafiti, swali hugeukia malipo. Je, padre mwenye viza ya J-1 aweza kupokea posho kwa kazi nje ya chuo kilichomwalika?

Tunaanza na fomu ya DS-2019, ambayo hutolewa na taasisi inayodhamini ziara yake. Kisanduku cha tatu huonyesha tarehe za kuanza na kumaliza, cha nne aina ya mgeni na fani yake, na cha tano fedha za kumtunza. Kazi anayoruhusiwa ni ile iliyomo humo, mahali palipotajwa.

Mwenzetu mmoja alialikwa kwa miezi tisa kuchunguza historia ya katekesi. Akiwa huko alipata mialiko miwili. Chuo kingine kilimwomba atoe mhadhara mmoja juu ya utafiti wake, kwa malipo. Parokia ya jirani nayo ilimtaka aadhimishe Misa kila Dominika, kwa posho ya mwezi na chumba katika nyumba ya mapadre.

Mwaliko wa kwanza uliwezekana, kwa kuwa sheria huruhusu mihadhara ya mara chache na ushauri wa muda mfupi. Masharti ni kwamba shughuli ihusiane moja kwa moja na utafiti, isiwe kazi kuu, na isicheleweshe kumaliza. Alipata barua ya chuo kile ikieleza mada, saa, muda na kiasi cha malipo. Mkuu wa idara yake akaandika barua ya kuipendekeza, akionyesha itakavyousaidia utafiti. Barua zote mbili zilipelekwa kwa afisa wa programu za wageni katika taasisi iliyomdhamini, naye akatoa kibali cha maandishi. Hapo ndipo mhadhara ulipotolewa. Kibali kikija baada ya kazi, kimechelewa.

Mwaliko wa pili aliukataa. Huduma ya kila Dominika haikuwa sehemu ya utafiti wake, tena ilikuwa ya kudumu. Paroko alipendekeza kufuta posho na kubakiza chumba na chakula, lakini makazi yanayotolewa kama ujira ni malipo vilevile. Anayefanya kazi bila kibali huwa amevunja masharti ya viza, na mdhamini aweza kusitisha programu yake. Parokia inayohitaji padre wa kuajiriwa ina njia nyingine, yaani viza ya R-1 ya watumishi wa dini, ambayo mwajiri mwenyewe huiombea.

Kwa hiyo tunawaomba wanaokwenda wampe gombera na askofu nakala ya DS-2019 kabla ya kuondoka. Bajeti ikipungua, fedha zitafutwe na kuandikwa katika kisanduku cha tano mapema. Zisitegemewe kutoka altare ya jirani.