Fomu Hazikubadilika, Nilibadilika Mimi

Mwaka jana kikundi chetu cha vijana hapa Kakuma kilipewa kazi ya kuchuja fomu za kozi ya ushonaji na ya kurekebisha simu. Fomu kama 40 zilikuja kila wiki, na msomaji wa kwanza nilikuwa mimi. Kila fomu niliipa alama moja kati ya tatu: kubali, angalia tena, au kataa. "Angalia tena" maana yake kuna kitu hakijaeleweka, kwa mfano umri umefutwa na kuandikwa upya, au mtu hakusema kama bado yuko shuleni. Hapo ilibidi niende mpaka kwake nimuulize.

Kila Ijumaa dada mmoja wa kikundi aliandika kwenye daftari idadi ya kila alama. Mimi niliona anajichosha tu. Waliotupa kazi waliuliza jambo moja, wangapi wamekubaliwa, na jibu liliwaridhisha kila mwezi.

Baada ya wiki 12 akaniita. "Kaka, kaa hapa uone." Wiki 4 za kwanza nilisoma fomu 160: kubali 72, angalia tena 56, kataa 32. Wiki 4 za mwisho zilikuwa 160 vilevile: kubali 70, angalia tena 24, kataa 66. Waliokubaliwa walibaki karibu asilimia 45, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini waliokataliwa walitoka asilimia 20 wakafika 41, na karibu wote walitoka kwenye lile fungu la kati.

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akanionyesha kataa za wiki ya 5 mpaka ya 8: 10, 11, 13, 14. Ukilinganisha kila wiki na iliyopita, imeongezeka moja au mbili, huoni kitu. Na kwa fomu 40 wiki moja haisemi mengi. Kama kawaida yako ni kukataa 8, unaweza kupata 4 wiki hii na 12 wiki ijayo kwa bahati tu. Kwa hiyo aliziunganisha wiki nne nne, halafu akalinganisha kila fungu na zile 4 za mwanzo, siyo na la jana. Kutoka 32 hadi 66 siyo bahati.

Nikajitetea. Nilisema fomu zenyewe zimebadilika: tangazo lilifika bloku nyingine, huenda wanaoandika sasa wako shuleni au umri umepita. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Hesabu ya alama peke yake haiwezi kukuambia kama aliyebadilika ni mpimaji au ni vitu anavyopima. Yule dada hakubishana. Bila kuniambia, alichukua fomu 30 za wiki ya 2, akazinakili upya bila alama, akabadilisha majina, akazichanganya na za wiki ile. Mimi nikazipiga alama kama kawaida.

Kati ya hizo 30, mara ya kwanza 10 nilizipa "angalia tena". Safari hii 6 kati ya hizo 10 nilizikataa. Karatasi ni ileile, maneno ni yaleyale. Sikuwa na la kusema.

Sababu naijua, ingawa nilichelewa kuikiri. Kila "angalia tena" ilikuwa safari ya mguu kwenye jua la saa nane, wakati mwingine hadi Kakuma 3, na unaweza kukuta mwenyewe ameenda kuchota maji. Sikuamua kuwa mkali hata siku moja. Nilianza tu kuona umri uliofutwa kama uongo, kumbe mwanzoni niliuona kama kosa la kalamu.

Tulikaa tukazisoma upya zile 66, watu wawili kila fomu. 23 zilirudi kwenye "angalia tena", tukagawana safari. Siku hizi fomu 5 za zamani huingizwa kila wiki bila mimi kujua ni zipi. Daftari nalo silioni mpaka mwisho wa mwezi, maana nikijua asilimia zangu nitaanza kuzilenga, na hapo hesabu itapendeza huku watu wakiumia.

Katika zile 23 kulikuwa na binti aliyeandika umri wake mara mbili, 17 kisha 19. Nilipomfikia alinionyesha karatasi yake: 19. Alikuwa amefuta kwa sababu kalamu ilimwaga wino. Kozi ya ushonaji ilikuwa imeshajaa wiki mbili kabla. Nilimwambia ukweli, kwamba fomu yake haikuwa na kosa. Akaniuliza, "Sasa kaka, nyingine inaanza lini?" Sikuwa na tarehe ya kumpa.