Kope za Zambarau na Vifundo vya Vidole

Yako magonjwa yajifichayo ndani ya mwili mpaka yakomae, na yako yatanguliayo kubisha hodi mlangoni. Uvimbe wa ngozi na misuli, ambao madaktari huuita dematomiositisi, ni wa namna ya pili, na mlango wake ni ngozi. Mara nyingi alama zake huonekana katika kope na vidole majuma au miezi kabla ya nguvu kupungua.

Taabu iko katika kuzisoma. Majina ya alama hizo yalitolewa na madaktari wa Ulaya waliotazama ngozi nyeupe. Ernst Unverricht, Mjerumani, aliupa ugonjwa jina lake mwaka 1891. Alama ya vidole ina jina la Mjerumani mwingine, Heinrich Gottron. Na rangi ya kope ililinganishwa na ua la heliotropu, lililo zambarau. Juu ya ngozi nyeupe rangi hiyo hujitokeza. Juu ya ngozi nyeusi huzama. Kope huonekana nyeusi zaidi kuliko paji la uso, au zenye ukijivu, pengine zimevimba kidogo. Mgonjwa huambiwa kwamba hakulala vema, au kwamba wanja umemdhuru.

Kwa hiyo katika ngozi nyeusi mahali pa alama ni shahidi mwaminifu kuliko rangi yake. Vipele vya Gottron ni vinundu vidogo, bapa juu, vikaavyo juu ya vifundo vya vidole hasa, pale mifupa inapokutana. Pengine hutokea juu ya viwiko na magoti pia. Ugonjwa wa lupasi nao huweza kutia madoa mkononi, lakini kwa kawaida hukaa katikati ya kifundo na kifundo, na vifundo vyenyewe huviacha. Basi hata rangi ikiwa imefichika, mkono ukikunjwa ngumi mbele ya dirisha lenye mwanga waweza kuonyesha njia.

Na achukuliwe kwa mfano mwalimu wa kike wa miaka 52. Kwanza kope zake ziliingia weusi na kuwasha, akapewa dawa ya mzio. Kisha vifundo vya vidole vikaota vinundu, akadhani ni sabuni ya kufulia. Mwezi wa tatu mkono wake ukashindwa kukaa juu ya ubao kwa muda wa kuandika mistari miwili. Hakuweza kusuka nywele zake, na kuinuka mkekani kulihitaji kushika kiti. Hata hivyo vidole vyake viliweza kutunga uzi katika sindano kama zamani. Tofauti hiyo ina maana kubwa: ugonjwa huu huanza katika misuli iliyo karibu na kiwiliwili, ya mabega, nyonga na mapaja, katika pande zote mbili sawasawa, na misuli ya vidole huachwa kwa muda mrefu. Wala si uchovu wala maumivu tu. Ni nguvu yenyewe iliyopungua.

Daktari aliyeitazama mikono yake aliagiza damu ipimwe kimeng'enya kiitwacho kreatini kinase, ambacho huvuja kutoka katika misuli inayoharibika. Kilikuwa mara kumi ya kiasi cha kawaida. Lakini kipimo hiki kina mpaka wake, maana wako wagonjwa ambao kwao hubaki cha kawaida, na wengine wana alama za ngozi bila udhaifu wowote. Hao nao hawakosi hatari, kwa kuwa baadhi yao huvimba mapafu upesi. Kikohozi kikavu na pumzi fupi havipaswi kungojeshwa.

Mwalimu alianzishwa prednisoloni, akaonywa juu ya jua, ambalo huchochea vipele. Kazi haikuishia hapo. Kwa mtu mzima, tofauti na mtoto, ugonjwa huu mara nyingine ni kivuli cha saratani iliyojificha, na hatari hiyo huzidi katika miaka mitatu ya kwanza. Basi akapimwa matiti, mapafu, tumbo na fuko la mayai, na katika fuko la mayai ukaonekana uvimbe ambao haujampa maumivu hata siku moja. Alipasuliwa na kutibiwa.

Miezi minne baadaye kimeng'enya kilikuwa kimeshuka mpaka kawaida, lakini mapaja yalianza kulegea tena. Asiyejua angeongeza dawa. Daktari aliipunguza kidogo kidogo, kwani prednisoloni yenyewe ikitumiwa kwa wingi hudhoofisha mapaja bila kukipandisha kimeng'enya, na dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili ikawekwa mahali pake. Vinundu vya vidole vilikawia kuondoka kuliko udhaifu. Vilipokwisha viliacha madoa meupe juu ya vifundo.