Karatasi ya Alfajiri

Tangu niache chuo naandika chochote kinacholipa: hotuba za harusi, maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni, na siku hizi karatasi za maelekezo kwa wanaojitolea kwenye hafla. Hizi zinalipa kidogo, lakini najua zitasomwa. Msomaji wangu yuko kwenye matatu, bado giza, simu imebaki na chaji kiduchu. Anataka kujua asimame wapi, hadi saa ngapi, na ampigie nani. Basi.

Chukua mbio za hisani, kisha matembezi ya familia, ndani ya msitu wa Karura. Ukiandika "tukutane getini saa 12", umepoteza nusu ya watu. Geti A liko Barabara ya Limuru, Geti C liko upande wa Barabara ya Kiambu, na katikati kuna msitu mzima. Na hiyo 12 ni gani? Kwa simu, 12 ni mchana. Kwa hivyo naandika: "Geti A, Barabara ya Limuru, chini ya bango jeupe, saa 12 asubuhi. Simu yako itaonyesha 06:00."

Zamu nazo hupishana. Kituo cha 3 cha maji: zamu ya kwanza 06:30 hadi 09:00, ya pili 08:45 hadi 11:30. Hizo dakika 15 ni za kuonyeshana maji ya akiba yako wapi na chupa tupu zinatupwa wapi. Chini yake naongeza: "Usiondoke kabla anayekupokea hajafika. Asipofika, mpigie msimamizi." Bila mstari huo, muda ukiisha mtu anajiendea zake, na wanaokuta meza tupu ni wale wa mwisho: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee anayetembea pole pole.

Kwenye namba za simu, sipangi kwa vyeo. Mtu akianguka mbele yako hutaki kujua nani ni katibu. Napanga kwa shida: "Mtu ameumia: hema la huduma ya kwanza. Maji yanaisha: stoo. Mengine yote: msimamizi." Kila kituo kina namba yake, imeandikwa kubwa mezani, kwa sababu ukimwambia mhudumu "niko hapa kwa miti", Karura yote ni miti. Karatasi naituma usiku uliotangulia ikiwa picha, ifunguke hata bila bando, na nakala moja inabandikwa kila meza.

Kabla sijaituma, nampa jirani yangu wa ploti asiyejua lolote kuhusu mbio hizo. Namuuliza: wewe ni wa kituo cha 3, zamu ya pili, na mtoto amekatwa na chupa. Unampigia nani? Akianza kutafuta kwa kidole juu na chini, narudi kuandika upya.